Trekta la milioni 38 au kukodi kwa ekari? Hesabu ya shamba moja la Kongwa

Mwishoni mwa mwezi wa tisa shemeji yangu alinipigia simu kutoka Kibaigwa. Alikuwa amesimama kando ya Massey Ferguson 290 la mtumba, jekundu lililopauka, na kwa sauti yake nilijua hataki ushauri. Alitaka nimwambie tu kwamba amepatia.

"Shemeji, wewe ni mtu wa hesabu. Jamaa anataka milioni 38. Plau nimeona la 4, tela la 6. Nikiuza kiwanja cha Ihumwa na ng'ombe kidogo, nimemaliza. Mwaka huu hanichezei mtu."

Neno la mwisho ndilo lililobeba kisa chote. Yeye na mkewe, ambaye ni dada yangu, wanalima ekari 60 kati ya Kibaigwa na Pandambili: 35 za alizeti, 15 za mahindi na 10 za mtama. Miaka yote wamekodi trekta. Msimu uliopita mwenye trekta aliwaahidi tarehe 8 Desemba, akaja tarehe 24. Kila walipopiga simu alikuwa "yuko njiani", na kumbe kweli alikuwa njiani, ila analimia wengine. Mahindi yakapandwa baada ya Krismasi. Mvua za kwetu ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba mwishoni au Desemba na kukata Aprili, na katikati, hasa Februari, zinaweza kusimama hata wiki mbili au tatu. Mahindi yaliyochelewa yalibebesha wakati mvua inaaga. Walivuna gunia 3 kwa ekari. Jirani aliyelimiwa tarehe 9, udongo uleule na mbegu ileile, alipata 6.

Gunia 3 zilizopotea mara ekari 15 ni gunia 45. Kwa shilingi 70,000 waliyouzia sokoni Kibaigwa, hiyo ni milioni 3 na laki 1 na nusu. Kwa hiyo hasira ya shemeji haikuwa ya bure, ilikuwa na bei yake, na nilimwomba tuiandike juu kabisa ya daftari kabla ya kitu kingine chochote. Mtu akikwambia anataka kununua mashine, muulize kwanza anakimbia nini. Huyu hakuwa anakimbia gharama ya kukodi. Alikuwa anakimbia kuchelewa.

Jumamosi nikapanda basi kutoka Dodoma mjini.

Hesabu aliyokuwa nayo shemeji ilikuwa nyuma ya risiti ya mbolea, na niseme ukweli, haikuwa ya kijinga. Kukodi ni shilingi 60,000 kwa ekari, dereva na dizeli humohumo. Ukiwa na la kwako, ekari inakula lita 8 za dizeli, tuseme shilingi 24,000, na dereva na utingo wanachukua 5,000. Jumla 29,000. Kwa hiyo kila ekari "inamwachia" 31,000. Ana ekari 60 zake, na alikuwa na uhakika wa kulimia watu 200. Ekari 260 mara 31,000 ni milioni 8 kwa mwaka. Vyombo vyote ni milioni 48. Miaka 6 trekta limejilipa, na kuanzia hapo ni mteremko.

Tulianza na ile 29,000, kwa sababu ndiyo iliyokuwa rahisi. Haikuwa na oili, filta wala grisi. Haikuwa na matairi, beringi, wala sahani za plau. Kwa Kongwa sahani si jambo dogo. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha hapahapa Kongwa mradi wao mkubwa wa karanga, wakaleta matrekta ya mitumba, mengine mabaki ya vita kutoka Ufilipino. Udongo huu ukikauka unakuwa kama tofali, na una chembe za mawe magumu zinazosaga chuma. Majembe yao yalikuwa yanakwisha kama sabuni, na mwaka 1951 mradi ukafungwa baada ya kumeza pauni milioni 36. Sababu za kuanguka kwao zilikuwa nyingi, lakini udongo haujabadilika tangu hapo. Dereva mmoja mzee wa Mbande, aliyeendesha matrekta ya watu kwa zaidi ya miaka 20, alitupa makadirio yake: oili, filta na grisi weka 3,000 kwa ekari, matengenezo na vyuma vinavyolika weka 8,000. Kwa hiyo 29,000 ikawa 40,000, na ile faida ya 31,000 ikawa 20,000.

Dizeli tuliiacha kwenye lita 8, lakini nilimwambia shemeji asimwamini mtu yeyote kwa namba hiyo, hata mimi. Kupima ni rahisi: jaza tangi mpaka mdomoni, lima ekari 4 zilizopimwa, rudi ujaze tena mpaka mdomoni, gawanya. Udongo mzito na plau lililozamishwa sana vitaipandisha. Baada ya hapo ukiona kwenye daftari la dereva lita 11 au 12 kwa ekari mahali palepale, ama sindano za injini zimechoka ama kuna dumu linajazwa usiku.

Sasa ekari 260. Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko kote, na dada akaleta chai mara mbili.

Plau la sahani tatu nyuma ya trekta la ukubwa ule hulima kama ekari moja kwa saa, ukihesabu kugeuza, kuzibua na kuhamia shamba jingine. Siku nzuri ni ekari 8. Ekari 260 ni siku 32 na nusu za kazi safi. Je, zipo? Tukachukua kalenda ya ukutani. Kulima kunaanza mvua ya kwanza ya maana inapolainisha udongo, na baada ya katikati ya Januari wateja wa kulimiwa wanapungua sana. Hizo ni kama siku 40. Toa siku ambazo mvua imenyesha mpaka gurudumu linateleza. Toa siku ambazo jua limepiga wiki nzima na sahani zinaruka juu ya udongo badala ya kuingia. Toa sikukuu. Toa siku trekta limelala linasubiri kifaa kutoka Dodoma au Morogoro. Mzee wa Mbande alisema yeye hajawahi kuvuka siku 25 za kulima kwa msimu katika eneo moja. Siku 25 mara ekari 8 ni ekari 200, na kati ya hizo 60 ni za shemeji mwenyewe. Zinabaki 140 za watu.

"Lakini huyu anayetulimia sisi anasema analima zaidi ya ekari 400," shemeji akasema.

Ni kweli, na jibu lake ndilo linaloeleza kwa nini kukodi ni bei rahisi. Yule halimi Kibaigwa peke yake. Trekta lake linafuata mvua. Linaanza upande wa Morogoro kwenye mvua za vuli, linapanda Gairo, linaingia kwetu Desemba, na mwaka mwingine linakwenda kumalizia Kiteto. Gharama zake za mwaka anazigawa kwa ekari 400 na zaidi, ndiyo maana anaweza kutulimia kwa 60,000 na bado akapata. Na sababu hiyohiyo ndiyo inayomchelewesha. Nafuu ya bei na usumbufu wa kuchelewa vinatoka kwenye chungu kimoja. Shemeji angeweza naye kufuata mvua, lakini hapo angekuwa ameacha ukulima na kuwa mwenye trekta, analala Kiteto kwenye hema wakati mahindi yake yanasubiri palizi. Nilimuuliza kama anataka kazi hiyo. Dada akajibu kwa niaba yake.

Kisha likaja suala la pesa yenyewe, na hapa tulibishana hasa.

Gharama ya kumiliki kitu si bei uliyonunulia. Ni tofauti kati ya uliyonunulia na utakayouzia, pamoja na kile ambacho pesa ile ingekuwa inakifanya mahali pengine wakati wewe umeigeuza chuma. Tofauti ya kwanza shemeji aliielewa mara moja, anafuga ng'ombe. Vyombo vyote ni milioni 48. Tukakadiria kuwa baada ya miaka 5 trekta litauzika milioni 26, plau 2, tela 4, jumla 32. Imepotea milioni 16, sawa na milioni 3 na laki 2 kwa mwaka.

Ya pili aliikataa. "Hela ni yangu mwenyewe, sijakopa. Riba inatoka wapi?"

Nikamuuliza kiwanja cha Ihumwa alikinunua kwa shilingi ngapi na leo anaambiwa ngapi. Akacheka kidogo. Tangu Serikali ilipohamishia shughuli zake Dodoma na kujenga Mji wa Serikali pale Mtumba, kila mwenye kiwanja upande ule anajua jibu. Kiwanja kinafanya kazi hata mwenyewe akilala. Kama hataki kutumia kiwanja kama kipimo, achukue hatifungani za Serikali za muda mrefu, au hata ng'ombe walewale anaotaka kuwauza, ambao wangezaa. Tulikubaliana asilimia 12 kwa mwaka, na tuliitoza kwenye wastani wa pesa iliyofungwa, yaani katikati ya 48 na 32, ambayo ni milioni 40. Asilimia 12 yake ni milioni 4 na laki 8.

Akaitazama ile namba. Pesa kukaa ndani ya trekta inagharimu zaidi ya trekta kuchakaa. Kwa mtumba ambao umeshashuka bei mara ile kubwa ya kwanza, mara nyingi ndivyo inavyokuwa, na ndiyo gharama ambayo hakuna mtu wa kukuletea risiti yake.

Tukaongeza laki 9 kwa mwaka za bima, banda na mlinzi wa usiku. Jumla ya gharama ambazo zipo hata trekta lisipowashwa ni milioni 8 na laki 9.

Upande wa mapato, ekari 200 mara 20,000 ni milioni 4. Tela nalo lilistahili heshima yake. Wanalipa shilingi 2,000 kwa gunia kutoa mavuno shambani, na kwa magunia kama 350 hiyo ni laki 7 wanayookoa. Ukiongeza kubebea majirani, mchanga na maji wakati wa kiangazi, baada ya dizeli na dereva tuliweka milioni 1 na nusu kwa yote. Jumla milioni 5 na nusu. Ukitoa kwenye 8.9, kuna shimo la milioni 3 na laki 4 kila mwaka, ukilinganisha na kuendelea kukodi. Ili shimo lijae anahitaji ekari 370, siku 46 za kulima ambazo kalenda ya Kibaigwa haina.

Na hapo bado sijatoa madeni. Wateja wengi wa kulimiwa hulipa kwa mali kauli, kwamba tukivuna nitakupa gunia. Wengi ni waungwana. Lakini ukilimia watu ekari 140 umeweka nje milioni 8 na laki 4, na moja ya kumi tu isiporudi ni laki 8 na 40. Mwenye trekta aliye mgeni kwenye kazi hiyo hawadai vizuri ndugu na majirani zake, na wao wanalijua hilo.

Tulipofika hapa niliona jambo ambalo sikulitarajia. Shimo la kumiliki ni milioni 3.4. Hasara ya kuchelewa mwaka jana ilikuwa milioni 3.15. Zinakaribia kulingana. Kwa hiyo shemeji hakuwa mbali sana na ukweli. Kama njia pekee ya kupata jembe kwa wakati ni kununua trekta, na kama kila mwaka angecheleweshwa vile, uamuzi wake ungekuwa wa kubishaniwa, na mimi nisingesimama mbele yake. Swali likabadilika, likawa: kuwahi kunauzwa wapi pengine, na kwa bei gani?

Kabla ya hapo, thamani ya kuuzia, kwa sababu ndiyo niliyokuwa siiamini kuliko namba zote.

Jumapili asubuhi tulikwenda kuliona trekta pamoja na fundi. Saa ya kwenye dashibodi ilionyesha saa 4,100. Fundi hakuitazama mara mbili. Saa za matrekta haya ya zamani zinaendeshwa na waya kutoka kwenye injini, zinahesabu mzunguko wa injini na si saa ya ukutani, na waya ukikatika zinasimama milele huku trekta likiendelea kulima. Badala yake aliangalia raba ya pedali ya klachi, ilikuwa imelika mpaka chuma kinang'aa. Akawasha injini, ikashika kwa mara moja, nayo ilikuwa ya moto. Akainama akagusa, akamwuliza muuzaji kwa upole kwa nini ameliwasha kabla hatujafika. Injini iliyochoka inaficha mengi ikishapata moto, na ukitaka kuijua ikute imelala. Akafungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiunguruma. Moshi ulipumua polepole, haukupuliza. "Hii inavumilika," akasema.

Kisha akaagiza plau linyanyuliwe mpaka juu na injini izimwe. Tukakaa chini ya mwarobaini. Mke wa muuzaji alitoa chai na karanga. Hatujamaliza kikombe, sahani ya nyuma ilikuwa imegusa udongo. Haidroliki yenye afya ingelishikilia plau juu muda wote ule. Hii ilikuwa inavujisha kwa ndani, ama sili za silinda ama vali. Fundi akakadiria milioni 2. Muuzaji, ambaye nadhani alikuwa akijua, akashusha hadi 36 bila kubishana sana. Ukiweka matengenezo tunarudi kwenye 38, kwa hiyo daftari halikubadilika.

Je, baada ya miaka 5 litauzika 26? Hoja ya kulitetea ilikuwa moja na nzito: Massey 290 kila fundi analijua, na vipuri vyake vipo. Kulikuwa na mtu mwingine anampigia shemeji debe la trekta jipya la jina ambalo hatukumjua hata mtu mmoja mwenye nalo, kwa bei iliyozidi kidogo tu hii ya mtumba. Jipya la namna hiyo linanukia rangi, lakini siku ya kuuza utajikuta mnunuzi anakuuliza pampu yake inapatikana wapi, na wewe mwenyewe hujui. Hatukulifikiria zaidi.

Nilijaribu namba pande mbili. Vyombo vikiuzika jumla milioni 36 badala ya 32, gharama ya mwaka inashuka kwa laki 5 na 60. Vikiuzika milioni 20, kwa mfano injini imeuawa na dereva aliyesahau kuangalia maji ya rejeta, inapanda kwa karibu milioni 1 na laki 7. Juu hakuna nafasi kubwa, chini ni shimo refu. Halafu kuna wakati wa kuuza. Septemba na Oktoba kila mtu anatafuta trekta. Machi hakuna anayelitaka, na Machi ndiyo mwezi ambao mwenye shida ya ada, matibabu au mvua mbaya anajikuta anauza. Na kuna kadi: trekta lile lilikuwa bado na jina la mtu wa Arusha aliyeliuza wamiliki wawili nyuma. Mpaka majina yanyooke, hilo si mali ya kuuza haraka. Kitu unachoweza kukiuza wiki hii kwa bei ya haki kinakuacha huru karibu kama umekikodi. Kitu chenye kadi ya mtu wa Arusha kinakufunga.

Uhuru wenyewe tuliupimia kwenye mwaka wa ukame, ambao Dodoma hauulizwi kama utakuja. Mvua ikisuasua mpaka Januari, anayekodi analima ekari 25 za mtama na alizeti, analipa za hizo 25 tu. Mwenye trekta ana milioni 8.9 zinazomsubiri, na wateja wamepotea. Tuseme analima jumla ekari 80 na tela linaingiza milioni 1: amepata milioni 2 na laki 6, shimo ni milioni 6 na laki 3, katika mwaka ambao gunia ghalani hazipo.

Shemeji akatoa wazo la mwisho, la kununua na majirani wanne, kila mmoja mwenye ekari kama zake. Ekari 300, gharama imegawanywa. Kwa pesa ni wazo zuri. Lakini wote watano wanataka kulimiwa wiki ileile baada ya mvua ileile. Wa tano atalimiwa Januari, na safari hii atakayemchelewesha ni mwenzake wa ubia, si mtu baki anayeweza kumtukana kwenye simu. Kuchangia kunapunguza shilingi, hakuongezi siku.

Sasa kuwahi. Dada ndiye aliyesema jambo ambalo sisi wawili na daftari letu tulilipita: "Kwani kilichoharibika mwaka jana ni shamba lote? Alizeti ilitoka vizuri." Ni kweli. Alizeti ina mzizi mrefu na inavumilia, na hata ikipandwa mwanzoni mwa Januari wanaivuna. Mtama nao si mwoga. Kati ya ekari 60, zilizohitaji tarehe ni zile 15 za mahindi. Shemeji alikuwa anataka kununua trekta la milioni 38 ili awahi ekari 15.

Ekari 15 zinawezekana kwa ng'ombe. Maksai wanao, jozi mbili, wanaokokota mikokoteni. Kuna jembe la ng'ombe la kuchana udongo, ripa, ambalo haligeuzi ardhi bali linapasua mfereji mwembamba wa kupandia, na linaweza kufanya kazi kabla ya mvua, udongo ukiwa mkavu. Mvua ya kwanza inaingia kwenye mifereji na mbegu inafuata. Ripa mbili zilikuwa laki 6. Jozi moja inachana kama ekari 2 kwa siku, kwa hiyo jozi mbili zinamaliza 15 ndani ya siku 4, na kwa kuwa ng'ombe wanachoka tuliandika 8. Udhaifu wake ni huu: Novemba ndiyo mwezi ambao ng'ombe wa Ugogo wamekonda kuliko miezi yote, na kazi ya kuchana udongo mkavu ni nzito. Wanahitaji mashudu ya alizeti kuanzia Oktoba, tukaweka laki 2. Pia ardhi isiyogeuzwa inaota magugu mapema, palizi ya kwanza inaongezeka kama 20,000 kwa ekari, laki 3 kwa zote.

Ekari 45 zilizobaki wakodi kama kawaida, lakini mwenye trekta apewe sababu ya kuja: 10,000 zaidi kwa ekari, nusu ya pesa Oktoba wakati hana kitu mfukoni, na karatasi inayosema asipofika ndani ya siku 10 baada ya tarehe waliyokubaliana ile nyongeza inafutika. Hiyo ni laki 4 na nusu.

Jumlisha: ripa, mashudu, palizi na nyongeza ni milioni 1 na laki 5 na nusu. Toa laki 9 ambazo hawatalipa kulimiwa ekari 15. Mwaka wa kwanza kuwahi kumegharimu laki 6 na nusu. Miaka inayofuata, ripa zikiwa tayari zipo, ni 50,000. Upande wa pili wa daftari kulikuwa na milioni 3 na laki 4 kila mwaka.

Shemeji alifunga daftari, akasema atafikiri. Nilijua ameshaamua kwa namna alivyouliza bei ya mashudu.

Nimalizie na yaliyotokea, maana msimu umeshapita. Maksai walichana ekari 11, si 15. Mmoja alianza kuchechemea, na shemeji hakutaka kumuua kwa ajili ya mahindi. Ekari 4 zilizobaki wakazitia mtama baadaye. Zile 11 zilipandwa tarehe 5 Desemba. Palizi iliwatesa kuliko nilivyoandika, laki 3 haikutosha, ilifika karibu 5. Mwenye trekta alichelewa siku 6, ndani ya karatasi, akapata nyongeza yake, na alipokuja alikuja na soda kreti moja. Kiwanja cha Ihumwa bado kipo.

Ile Massey ilinunuliwa na mtu wa Gairo. Mwezi wa pili tuliiona imesimama kando ya barabara ya Morogoro, plau limelala chini, fundi mmoja miguu inaonekana chini yake. Shemeji alipunguza mwendo wa pikipiki, akaiangalia, akasema, "Wameipaka rangi."

Kisha akaniambia mwaka ujao, kama mashudu hayatapanda bei, anafikiria jozi ya tatu.